Sifuri ya Lazima: Matriki ya Kasi na Mgawanyo Tulivu wa Kituo cha Simu

Matriki ya kasi ni jedwali la mraba linaloeleza jinsi kitu kinavyohama kutoka hali moja kwenda nyingine, pale ambapo kuhama huko kunaweza kutokea sekunde yoyote na si kwa zamu zilizopangwa. Mashine huharibika na kutengenezwa, kitanda cha hospitali hupata mgonjwa na kuachwa wazi, laini ya simu hushikwa na kuachiwa. Katika kila mfano kuna mambo mawili yasiyojulikana mapema: badiliko litatokea lini, na litaelekea wapi. Mnyororo wa Markov wa wakati mfululizo hushughulikia mambo hayo mawili kwa pamoja, kwa sharti moja kubwa, kwamba yatakayotokea baadaye yanategemea hali iliyopo sasa tu, wala si njia iliyopitwa kuifikia.

Mrusi Andrei Markov alianza kuandika juu ya minyororo hii mwaka 1906, lakini minyororo yake ilikwenda hatua kwa hatua. Nadharia ya jumla ya ile inayokwenda mfululizo iliwekwa na Andrei Kolmogorov mwaka 1931. Ajabu ni kwamba matumizi yalitangulia nadharia. Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyezaliwa mwaka 1878, aliajiriwa na kampuni ya simu ya Kopenhagen mwaka 1908, na mwaka 1917 alichapisha kanuni ya kukadiria simu ngapi zitakataliwa kituo kikiwa na laini chache. Alichofanya, kwa lugha ya leo, ni kutafuta mgawanyo tulivu wa matriki ya kasi. Kituo chake cha simu kinabaki kuwa mfano mzuri kuliko yote wa kulielewa jambo hili, kwa sababu kila namba ndani yake inagusika.

Kulijenga jedwali

Tuseme kituo kidogo kina laini mbili. Simu zinaingia kwa kasi ya 20 kwa saa, na kila mazungumzo huchukua wastani wa dakika 3. Anayepiga laini zote mbili zikiwa zimeshikwa hukataliwa na kwenda zake, hakuna foleni. Hali za kituo ni tatu tu: hakuna laini iliyoshikwa, moja imeshikwa, au mbili zimeshikwa. Hali hizo huitwa 0, 1 na 2.

Kasi hapa ina maana mahususi. Kusema simu zinaingia kwa kasi ya 20 kwa saa ni kusema kwamba ndani ya kipindi kifupi sana, uwezekano wa kupata simu mpya ni takriban 20 mara urefu wa kipindi hicho kwa saa. Sekunde moja ni sehemu ya 3,600 ya saa, kwa hiyo uwezekano wa simu kuingia ndani ya sekunde moja ni karibu 20 kwa 3,600, yaani 1 kwa 180. Kasi yenyewe si uwezekano. Inaweza kuwa 20, au 40, au 1,000, bila kosa lolote, nayo hubadilika kizio cha wakati kikibadilika: simu 20 kwa saa ni ileile kasi ya theluthi moja ya simu kwa dakika.

Upande wa kumalizika, mazungumzo ya wastani wa dakika 3 humalizika kwa kasi ya 20 kwa saa, kwa kuwa saa moja ina vipindi 20 vya dakika 3. Laini mbili zikishikwa kwa pamoja, yoyote kati yake yaweza kuachiwa kwanza, kwa hiyo kasi ya kutoka hali 2 kwenda hali 1 ni 20 na 20, yaani 40. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea wanapojenga jedwali kwa mara ya kwanza: huandika 20 kwa sababu wastani wa mazungumzo haujabadilika, wakisahau kwamba mazungumzo yanayokimbilia mwisho wake ni mawili.

Kasi hizo huingia kwenye jedwali hivi: mstari ni hali kinakotoka kituo, safu wima ni hali kinakoelekea. Nafasi za ulalo, ambako mstari na safu wima ni za hali moja, huwekwa namba hasi iliyo sawa na jumla ya kasi zote za kutoka katika hali hiyo.

```
          0     1     2
   0   [ -20    20     0 ]
   1   [  20   -40    20 ]
   2   [   0    40   -40 ]
```

Matriki hii huitwa Q. Namba -40 katikati inasema kwamba kituo kikiwa na laini moja iliyoshikwa, kitaiacha hali hiyo kwa kasi ya 40 kwa saa: 20 kwa simu mpya na 20 kwa mazungumzo kwisha. Muda wa kukaa katika hali hiyo ni wa kubahatisha, na wastani wake ni 1 gawanya kwa 40 ya saa, yaani dakika moja na nusu. Katika hali 0 wastani wa kukaa ni dakika 3.

Alama ya hasi haikuwekwa kwa urembo. Ikiwa p ni mstari wa uwezekano tatu, wa kukikuta kituo katika hali 0, 1 na 2 kwa wakati fulani, basi namna uwezekano huo unavyobadilika ni p mara Q. Chukua hali 0. Uwezekano wake hupungua kwa 20 mara ule uliopo, kwa sababu simu mpya huuondoa, na huongezeka kwa 20 mara uwezekano wa hali 1, kwa sababu mazungumzo yanapokwisha huurudisha. Safu wima ya kwanza ya Q, yaani -20, 20 na 0, ndiyo inayoandika hesabu hiyo ya kutoka na kuingia. Ulalo hasi ni kinachotoka. Namba chanya ni kinachoingia.

Sifuri inatoka wapi

Jumlisha mstari wowote wa Q na jibu ni sifuri. -20 na 20 na 0. 20 na -40 na 20. 0 na 40 na -40. Hilo halikutokea kwa bahati ya namba zilizochaguliwa. Ulalo uliwekwa kwa makusudi uwe kinyume cha jumla ya vingine, na sababu yake ni kwamba uwezekano haupotei wala hauzaliwi. Kinachotoka hali moja lazima kitue katika hali nyingine, na jumla ya uwezekano wote ibaki 1 milele.

Kila matriki ya mraba ina namba zake chache za pekee. Ziko vekta ambazo zikizidishwa na matriki hutoka katika mwelekeo uleule, zimerefushwa au kufupishwa tu. Namba inayosema zimerefushwa mara ngapi huitwa thamani aigeni, na vekta yenyewe huitwa vekta aigeni. Thamani aigeni ikiwa sifuri, maana yake vekta hiyo hufutwa kabisa: ikizidishwa na matriki, hutoka sifuri tupu.

Sasa chukua vekta yenye namba 1 mara tatu, isimamishwe kulia kwa Q. Kuzidisha Q kwa vekta hiyo ni sawa na kujumlisha kila mstari, na kila mstari jumla yake ni sifuri. Kwa hiyo vekta ya 1, 1, 1 ni vekta aigeni ya kulia, na thamani yake ni sifuri. Ndiyo kusema kila matriki ya kasi yenye hali chache au nyingi zinazohesabika hadi mwisho, iwe ya simu, ya mashine au ya wagonjwa, ina sifuri kati ya thamani zake aigeni. Hakuna haja ya kukokotoa ili kuliona. Sharti la mistari linatosha.

Vekta hiyo ya kulia, kwa ukweli, haina habari mpya. Inarudia tu kwamba hesabu ya uwezekano imefungwa vizuri, na ni ileile kwa mifumo yote. Habari iko upande wa pili. Matriki na matriki yake iliyogeuzwa, mistari ikawa safu wima, zina thamani aigeni zilezile. Kwa hiyo sifuri ikiwepo kulia lazima iwepo na kushoto: upo mstari wa namba, wauite π, ambao ukiwekwa kushoto kwa Q na kuzidishwa hutoa sifuri. Mstari huo haufanani kwa mifumo yote. Unabeba tabia ya mfumo wenyewe, nao ndio mgawanyo tulivu.

Jina linajieleza ukikumbuka kwamba mabadiliko ya p ni p mara Q. Ikiwa p ni π, mabadiliko ni sifuri. Uwezekano wa kila hali unabaki palepale, ingawa kituo chenyewe hakijasimama hata kidogo: simu zinaingia, mazungumzo yanakwisha, hali zinabadilika usiku na mchana. Kinachotulia ni mgao, si mwendo. Ni kama kituo cha daladala ambapo abiria wanaoshuka ni sawa na wanaopanda. Umati haubadiliki ukubwa, lakini hakuna mtu anayekaa pale siku nzima.

Kuitafuta π kwa mkono

Andika π kama namba tatu, π0, π1 na π2. Safu wima ya kwanza inadai kwamba -20 mara π0 na 20 mara π1 vijumlike kuwa sifuri, kwa hiyo π0 na π1 ni sawa. Safu wima ya tatu inadai kwamba 20 mara π1 ifutwe na 40 mara π2, kwa hiyo π2 ni nusu ya π1. Safu wima ya katikati haiongezi lolote. Ukiweka majibu hayo ndani yake inakubali yenyewe. Ndivyo inavyopasa kuwa, kwa sababu milinganyo mitatu ya matriki yenye sifuri si mitatu ya kweli. Mmoja ni kivuli cha mingine miwili.

Kwa hiyo milinganyo hiyo inatoa uwiano tu: 1 kwa 1 kwa nusu. Ili kupata uwezekano halisi inahitajika kanuni moja kutoka nje ya Q, kwamba jumla iwe 1. Jumla ya uwiano ni 2.5, na ukigawanya kila kimoja kwa 2.5 unapata 0.4, 0.4 na 0.2. Kituo kiko tupu asilimia 40 ya wakati, kina laini moja iliyoshikwa asilimia 40, na laini zote zimeshikwa asilimia 20.

Hiyo asilimia 20 ndiyo namba ambayo kampuni ya simu iliitaka. Na kwa kuwa simu zinaingia kwa kubahatisha bila kujali hali ya kituo, sehemu ya wanaopiga na kukuta kumejaa ni sawa na sehemu ya wakati ambao kumejaa: simu 1 kati ya 5 hukataliwa. Kati ya simu 20 za saa moja, 4 hupotea kwa wastani. Kanuni ya Erlang ya mwaka 1917 inatoa jibu hilohilo bila kupitia matriki. Uzito wa hali yenye laini k zilizoshikwa ni mzigo wa simu ukipandishwa kwenye kipeo k, kisha kugawanywa kwa 1 mara 2 mara 3 hadi k. Mzigo ni kasi ya kuingia mara wastani wa mazungumzo, hapa 20 mara dakika 3, ambazo ni sehemu ya 20 ya saa, yaani 1. Kizio cha mzigo huo kinaitwa erlang hadi leo.

Hali zikiwa 50 au 500, mkono hauwezi tena. Kompyuta hufanya kazi ileile: inageuza Q, inaondoa mlinganyo mmoja usio na kazi, na mahali pake inaweka sharti la jumla kuwa 1.

```
import numpy as np
Q = np.array([[-20, 20, 0],
              [20, -40, 20],
              [0, 40, -40]], float)
A = Q.T.copy()
A[-1, :] = 1
print(np.linalg.solve(A, [0, 0, 1]))
```

Jibu ni 0.4, 0.4 na 0.2. Sehemu inayoponza watu ni hiyo `Q.T`. Asiyeigeuza Q hupata vekta ya kulia badala ya ya kushoto, na dalili yake ni rahisi kuiona: majibu yote yanatoka sawa, theluthi moja kila hali, vyovyote vile kasi zilivyo. Anayeiomba kompyuta thamani aigeni moja kwa moja ajue pia kwamba mara nyingi hataiona sifuri kamili, bali namba ndogo mno, pengine hasi, kwa sababu ya mkato wa desimali. Na vekta inayokuja nayo yaweza kuwa na alama hasi kote na jumla isiyo 1. Igawanye kwa jumla yake mwenyewe, na alama zitajirekebisha.

Thamani nyingine mbili

Matriki ya hali tatu ina thamani aigeni tatu. Mbili zilizobaki za kituo hiki ni takriban -27.64 na -72.36 kwa saa. Zote ni hasi, na tena si kwa bahati. Mwaka 1931 Semyon Gershgorin alionyesha kwamba thamani aigeni za matriki yoyote hukaa ndani ya maduara ambayo kitovu chake ni namba ya ulalo na nusukipenyo chake ni jumla ya ukubwa wa namba nyingine za mstari huo. Kwa matriki ya kasi, kitovu ni -20 na nusukipenyo ni 20, au kitovu ni -40 na nusukipenyo ni 40. Kila duara linagusa sifuri kwa ukingo wake na kulala lote upande wa hasi. Hakuna thamani inayoweza kuvuka kwenda upande wa chanya, ambako uwezekano ungekua bila mwisho. Wala haiwezi kukaa kwenye mpaka mahali pengine zaidi ya sifuri, ambako mfumo ungeyumba huku na huku milele bila kutulia.

Thamani hizo hasi zinajibu swali ambalo π hailigusi: utulivu unafika baada ya muda gani? Kila moja huzaa sehemu inayofifia, na kadiri thamani ilivyo hasi zaidi, ndivyo sehemu yake inavyofifia haraka. Kituo kikianza tupu, uwezekano wa kukuta laini zote zimeshikwa baada ya saa t ni huu:

```
0.2 - 0.3236 e^(-27.64 t) + 0.1236 e^(-72.36 t)
```

Namba 0.2 mwanzoni ni mchango wa sifuri, nao haufifii kwa kuwa sifuri mara t ni sifuri daima. Baada ya dakika 1 uwezekano huo ni takriban 0.033. Baada ya dakika 5 umefika 0.168, na baada ya dakika 10 ni 0.197. Thamani iliyo karibu zaidi na sifuri, -27.64, ndiyo inayotawala: kwa kila dakika 5 zinazopita, pengo lililobaki kufika 0.2 linapungua karibu mara kumi. Kwa kituo hiki, kumbukumbu ya jinsi siku ilivyoanza inafutika ndani ya robo saa. Mifumo mingine ina thamani ya pili iliyo karibu sana na sifuri, na huko π yaweza kuwa sahihi kwenye karatasi huku mfumo ukihitaji miezi kuifikia. Anayetangaza mgawanyo tulivu bila kuangalia thamani ya pili ametoa nusu ya jibu.

Kuhesabu miruko si kuhesabu wakati

Kosa moja linastahili kuangaliwa kwa karibu, maana huwanasa hata wenye uzoefu. Mtu aweza kuacha wakati kando na kufuatilia miruko tu: kutoka 0 lazima uende 1, kutoka 1, kwa kuwa kasi mbili ni sawa, unakwenda 0 au 2 kwa uwezekano wa nusu kwa nusu, kutoka 2 lazima urudi 1. Huu nao ni mnyororo wa Markov, wa hatua kwa hatua kama ile ya mwaka 1906. Mgao wake wa ziara ni robo kwa hali 0, nusu kwa hali 1 na robo kwa hali 2.

Namba hizo si 0.4, 0.4 na 0.2, na hakuna kosa upande wowote. Zinajibu maswali mawili tofauti. Hali 1 hutembelewa mara nyingi kuliko nyingine kwa sababu kila njia inapitia hapo, lakini kila ziara ni fupi, dakika 1.5 kwa wastani. Hali 0 hutembelewa nusu ya mara hizo, ila kituo hukaa humo dakika 3. Zidisha ziara kwa muda wa kukaa: robo mara 3 ni 0.75, nusu mara 1.5 ni 0.75, robo mara 1.5 ni 0.375. Uwiano ni 1 kwa 1 kwa nusu, uleule uliotolewa na Q. Anayehesabu kumbukumbu za kituo kwa idadi ya matukio badala ya kwa saa atasema kituo kimejaa asilimia 25 ya wakati, na atakuwa amekosea.

Mnyororo wa miruko una tofauti nyingine tena. Ukianzia 0, baada ya miruko miwili, minne au sita unaweza kuwa 0 au 2, lakini kamwe si 1. Unayumba bila kutulia. Ule wa wakati mfululizo hauna ugonjwa huo, kwa sababu muda wa kukaa ni wa kubahatisha na huvuruga zamu.

Sifuri ikizidi moja

Yote yaliyosemwa juu ya π moja yanasimama juu ya sharti kwamba kutoka hali yoyote inawezekana kufika hali nyingine yoyote, hata kwa kuzunguka. Sharti hilo likitimia, kazi ya Oskar Perron na Georg Frobenius mwanzoni mwa karne ya 20 inahakikisha kwamba sifuri inatokea mara moja tu, na kwamba namba zote za π ni chanya.

Likivunjika, mambo hubadilika. Weka vituo viwili visivyounganishwa katika jedwali moja, na uchunguze hali za mtu anayetumia kimoja chake tu. Kila kituo kina sifuri yake, kwa hiyo jedwali lina sifuri mbili, na kila mchanganyiko wa migawanyo miwili unakubaliwa na mlinganyo. Hakuna jibu moja. Mwisho wa safari unategemea ilikoanzia. Kompyuta iliyopewa jedwali hilo kwa njia ya hapo juu italalamika kwamba matriki haina kinyume, au, vibaya zaidi, itatoa namba zisizo na maana bila onyo. Kuna hali ya pili iliyojificha zaidi. Ongeza hali ya nne, kituo kimekufa na hakuna fundi, inayofikika kwa kasi ndogo mno. Sifuri inabaki moja, lakini π yake ni 0, 0, 0 na 1. Hesabu haijakosea. Imesema kweli kwamba mwishowe kituo kitakufa, ingawa kwa miaka mingi kabla ya hapo kitafanana na kile cha 0.4, 0.4 na 0.2. Dalili ya kufa huko ni thamani aigeni ya pili iliyo jirani kabisa na sifuri.

Hali zikiwa nyingi bila kikomo, mistari kujumlika kuwa sifuri hakutoshi tena. Chukua laini moja, simu 20 kwa saa, mazungumzo ya dakika 3, lakini safari hii waliokuta kumejaa wasubiri kwenye foleni isiyo na ukomo. Milinganyo inatoa uzito sawa kwa kila urefu wa foleni, na namba sawa zisizo na mwisho haziwezi kujumlika kuwa 1. Mgawanyo tulivu haupo. Ukipunguza simu hadi 19 kwa saa unapatikana, ingawa foleni bado itakuwa ndefu sana.

Kwa kituo cha laini mbili yabaki maswali mawili ya haki juu ya mfano wenyewe. La kwanza ni kwamba hesabu ilichukulia mazungumzo yasiyo na kumbukumbu, ambapo simu iliyodumu dakika 10 ina uwezekano uleule wa kukatika sekunde ijayo kama iliyoanza sasa hivi. Watu hawazungumzi hivyo. Kwa bahati njema, kwa mfumo huu wa kukataa bila foleni, Boris Sevastyanov alithibitisha mwaka 1957 kwamba majibu hutegemea wastani wa mazungumzo tu, si umbo la mgawanyo wake. La pili halina dawa rahisi kama hiyo: aliyekataliwa mara nyingi hupiga tena papo hapo, na simu zake za marudio huongeza mzigo ambao Q haikuuhesabu. Katika kituo chenye kujaa sana, kanuni huonyesha hali nzuri kuliko ilivyo.

Anayetaka kuijaribu njia hii mwenyewe aongeze laini ya tatu. Matriki inakuwa ya hali nne, kasi ya kushuka kutoka hali 3 ni 60, uzito ni 1, 1, nusu na sehemu ya sita, na simu zinazokataliwa zinashuka kutoka 1 kati ya 5 hadi 1 kati ya 16.